Maji yanayopita chini ya ukuta: hesabu mbili zinazoamua kama bwawa litasimama

Mkaaji yeyote wa Goma ambaye amewahi kuteka maji kwenye Ziwa Kivu anaijua nguvu tunayoizungumzia hapa. Chukua bidoni ya manjano ya lita 20, ikiwa tupu na imefungwa kifuniko, kisha jaribu kuizamisha. Itakubidi uilalie kwa kifua. Maji yanaisukuma kwenda juu kwa nguvu inayokaribia kilo 20, na ukiiachilia inaruka.

Nguvu hiyohiyo inafanya kazi chini ya ukuta wa bwawa la umeme, mahali ambapo hakuna anayeiona. Haiwezi kuurusha ukuta kama bidoni, lakini inaupunguzia uzito. Na kuna kuta ambazo hazina kitu kingine cha kuzisimamisha isipokuwa uzito wao.

Sehemu ya umeme wa Goma inatoka kwenye mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu pale Bukavu. Kituo cha Ruzizi ya kwanza kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili mwaka 1989. Mji unapata pia umeme wa kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015. Kila mara jina la bwawa jipya linapotajwa redioni, watu wanauliza megawati ngapi na lini. Katika makala hii tunauliza swali lingine: nani amehesabu maji yatakayopita chini ya ukuta?

Ukuta uliotembea

Kuta za mabwawa zina namna nyingi. Kuna zile za udongo na mawe, na kuna zile zilizopindwa kama upinde, zinazoegemea milima ya pande mbili. Tunayoizungumzia leo ni ile nzito, ya mawe yaliyojengwa au ya zege, ambalo hapa kwetu wengi wanaliita beto. Ina umbo la pembetatu: nyembamba juu, pana chini. Ukuta wa Owen Falls huko Jinja, Uganda, uliofunguliwa mwaka 1954, ni wa namna hiyo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, Tanzania, lenye ukuta wa zaidi ya mita 130, ni la namna hiyo pia. Maji yanasukuma ukuta kwa ubavu, na ukuta unakataa kwa sababu ni mzito.

Katika karne ya 19 mainjinia wa Ulaya walikuwa wakiuhesabu ukuta wa aina hiyo kwa nguvu mbili tu: uzito wake na msukumo wa maji ya ziwa. Maji ya chini hayakuingia katika hesabu. Ndivyo ulivyojengwa ukuta wa Bouzey, karibu na mji wa Épinal, mashariki ya Ufaransa. Ulikuwa ukuta wa mawe wenye urefu wa zaidi ya nusu kilomita na kimo cha mita zipatazo 22, na kazi yake ilikuwa kulisha maji mfereji wa meli. Chini yake kulikuwa na mwamba wa mchanga wenye nyufa.

Mwezi wa tatu mwaka 1884, ziwa likiwa halijajaa kabisa, kipande cha ukuta chenye urefu wa mita zaidi ya 130 kilisogea mbele kwa zaidi ya sentimita 30. Hakikuanguka. Kiliteleza tu, kama sanduku zito linavyoteleza likisukumwa sakafuni, na maji yakaanza kuvuja kwa wingi.

Kwa nini uliteleza wakati hesabu zilisema ni mzito vya kutosha? Tuchukue ukuta wa mfano, tuuhesabu wenyewe.

Hesabu ya kwanza: je, utateleza?

Tuseme ukuta una kimo cha mita 20, upana wa chini ni mita 15, uso wa upande wa maji umenyooka wima, na maji yamefika hadi juu. Mainjinia hawauhesabu ukuta mzima. Wanakata kipande chenye urefu wa mita moja tu, kama mtu anavyokata kipande cha mkate, kwa sababu kila kipande kinatakiwa kijitegemee.

Meta moja ya ujazo ya beto ina uzito wa tani 2,4 hivi. Pembetatu yetu ina meta za ujazo 150, kwa hiyo kipande kina uzito wa tani 360.

Maji yanasukuma kadiri ya kina chake. Juu kabisa hayasukumi kitu. Chini, kwenye mita 20, yanasukuma tani 20 kwa kila meta ya mraba. Wastani ni tani 10, mara kimo cha mita 20, ni tani 200. Hapa watu wengi wanakosea. Wanadhani ukubwa wa ziwa ndio unaosukuma. La. Ziwa la kilomita 100 na shimo la upana wa hatua mbili vinasukuma ukuta sawasawa, kama kina ni kilekile.

Kinachozuia kuteleza ni msuguano kati ya beto na mwamba. Tukichukua kwamba msuguano unashika robo tatu ya uzito, yaani 0,75, basi tani 360 zinatoa tani 270 za kushikilia. Maji yanasukuma 200. Ukuta una ziada ya 35 kwa mia. Injinia wa mwaka 1880 angefunga daftari lake hapo na kwenda kulala.

Sasa tuingize maji ya chini. Hakuna mwamba usio na ufa hata mmoja, na maji ya ziwa yanatafuta njia. Yanaingia chini ya ukuta kwa upande wa ziwa na kutokea upande wa mbele, mto unakoendelea. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Wembamba huo haupunguzi nguvu yake, kwa sababu msukumo wa maji unatokana na kina, si na wingi wa maji. Ufa mwembamba ulio mita 20 chini ya ziwa unasukuma juu kwa tani 20 kila meta ya mraba, sawa na ziwa lenyewe.

Nguvu hiyo inapungua kidogo kidogo maji yanapoelekea mbele, hadi yanapotokea nje na kuisha. Tukichukua kwamba inapungua kwa mstari ulionyooka, kutoka tani 20 upande wa ziwa hadi sifuri upande wa mbele, wastani ni tani 10, mara upana wa mita 15, ni tani 150.

Ukuta wa tani 360 sasa unakanyaga mwamba kwa tani 210 tu. Uzito wake haujapotea. Umebebwa na maji. Msuguano unashika robo tatu ya 210, yaani tani 157 na nusu. Maji ya ubavuni bado yanasukuma tani 200. Ukuta uliokuwa na ziada kwenye karatasi unateleza.

Hicho ndicho kilichotokea Bouzey mwaka 1884. Vipimo vya huko vilikuwa tofauti na vya mfano wetu, lakini kosa lilikuwa hilo.

Hesabu ya pili: uzito unaangukia wapi?

Baada ya kuteleza, wajenzi wa Bouzey walitengeneza. Waliimarisha sehemu ya chini kwa kuongeza mawe upande wa mbele, ziwa likajazwa tena. Sehemu ya juu ya ukuta, iliyokuwa nyembamba, ilibaki ilivyokuwa.

Alfajiri ya tarehe 27 mwezi wa nne mwaka 1895, ukuta ulikatika. Haukukatika chini bali katikati, mita zipatazo 10 kutoka juu. Sehemu ya juu, kwa urefu wa mita zaidi ya 170, ilipinduka mbele, na ziwa likashuka bondeni. Watu zaidi ya 80 walikufa. Safari hii ukuta haukuteleza. Uliinama na kupinduka, na kosa hilo linahitaji hesabu yake.

Mtu anayeendesha chukudu anaielewa hesabu hiyo bila kalamu. Mzigo ukikaa katikati, chukudu inatulia. Mzigo uleule, kilo zilezile, ukisogezwa mbele mno, nyuma inanyanyuka. Ukuta nao una mzigo unaosogea. Ukichanganya uzito wake, msukumo wa ubavu na maji yanayoinua, unapata nguvu moja ya jumla. Swali ni hili: nguvu hiyo ya jumla inakanyaga wapi kwenye upana wa msingi?

Ili kupajua mahali hapo, tunazidisha kila nguvu kwa umbali wake kutoka ukingo wa mbele, pale ukuta ungezungukia kama ungepinduka. Uzito wa tani 360 uko mita 10 kutoka ukingo huo: 3 600. Maji ya ubavuni, tani 200, yanasukuma kwenye theluthi ya kimo, mita 6,67 juu ya msingi: 1 333, na yanavuta kwenda kupindua. Zinabaki 2 267. Tukizigawa kwa tani 360, tunapata mita 6,3 kutoka ukingo wa mbele.

Hapo kuna sheria ambayo kila mwanafunzi wa ujenzi anafundishwa: gawa upana wa msingi kwa tatu, na nguvu ya jumla lazima iangukie ndani ya theluthi ya katikati. Kwa upana wa mita 15, theluthi hiyo ni kati ya mita 5 na mita 10. Sisi tuko kwenye 6,3. Ni salama.

Tukiingiza maji ya chini, mambo yanageuka tena. Tani 150 za kuinua, zikiwa mita 10 kutoka ukingo wa mbele, zinaondoa 1 500. Zinabaki 767. Uzito unaokanyaga ni tani 210. Jibu ni mita 3,65. Tumetoka nje ya theluthi ya katikati.

Nje ya theluthi hiyo, ukuta haupinduki papo hapo. Kinachotokea ni kwamba ukingo wa upande wa ziwa unaanza kunyanyuka. Beto haivutani na mwamba kwa nguvu ya kutegemewa, kwa hiyo ufa unafunguka, na kwa mfano wetu unafika mita 4. Maji ya ziwa yanaingia ndani ya ufa huo kwa nguvu yake yote ya tani 20, bila kupungua. Sasa yanainua zaidi, na nguvu ya jumla inasogea mbele zaidi. Ukirudia hesabu, ufa unakuwa mita 7 na nusu. Ukirudia tena, unapita mita 10. Hautulii. Kila hatua inaizaa nyingine, hadi ukuta uishe.

Mwaka huohuo wa 1895, Mfaransa Maurice Lévy alipendekeza sheria ya kuzuia jambo hilo: kila mahali kwenye uso wa upande wa maji, mawe yabanane kwa nguvu isiyopungua ile ya maji yaliyo pale. Kama mawe yanabanana kuliko maji yanavyosukuma, maji hayapati pa kufungua. Na Bouzey ilifundisha jambo moja zaidi: hesabu haifanywi msingini tu. Inafanywa kwa kila kimo cha ukuta, kwa sababu ufa unaweza kuanza popote.

Matundu yanayookoa ukuta

Njia moja ya kuokoa ukuta wetu ni kuongeza beto. Njia nyingine ni kuyatoa maji ya chini kabla hayajainua. Mainjinia wanafanya zote mbili.

Kwanza wanatoboa mwamba upande wa ziwa na kuupiga sindano za simenti, ili kuziba nyufa. Nyuma kidogo ya hapo wanatoboa safu ya matundu yanayokusanya maji yaliyofaulu kupita, na kuyamwaga katika njia ndefu iliyoachwa ndani ya ukuta, ambamo mtu anaweza kutembea akiwa na taa. Katika hesabu, wengi wanachukua kwamba matundu hayo yakifanya kazi vizuri, nguvu ya maji inashuka hadi theluthi moja pale yalipo.

Tuyaweke matundu mita 3 kutoka ukingo wa upande wa ziwa. Nguvu ya kuinua inashuka kutoka tani 150 hadi tani 80. Ukuta unakanyaga kwa tani 280, msuguano unashika 210 dhidi ya 200, na nguvu ya jumla inaangukia karibu mita 5, mpakani kabisa mwa theluthi ya katikati. Umesimama, lakini hakuna injinia atakayeweka sahihi kwa ziada ya 5 kwa mia.

Basi tuupanue msingi hadi mita 18. Uzito unakuwa tani 432. Matundu yakifanya kazi, maji yanainua tani 90, msuguano unashika tani 256 dhidi ya 200, na nguvu ya jumla iko mita 7,8 kutoka mbele, wakati theluthi ya katikati inaanzia mita 6. Hali inaeleweka.

Lakini tuulize swali ambalo mtu wa bondeni ana haki ya kuliuliza: matundu yakiziba itakuwaje? Maji yatainua tani 180. Nguvu ya jumla itaangukia mita 6,7, bado ndani ya theluthi ya katikati, kwa hiyo ukuta hautapinduka. Ila msuguano utashika tani 189 tu, dhidi ya 200. Ukuta huohuo umefaulu mtihani mmoja na kushindwa mwingine. Ndiyo sababu hesabu mbili zinahitajika, na moja haiwezi kujibu kwa niaba ya nyingine.

Kuna kinachoweza kuusaidia: beto iliyomwagwa juu ya mwamba safi, uliokwanguliwa na kuoshwa, inashikana nao, na kushikana huko kunaongeza nguvu juu ya msuguano. Lakini kunategemewa tu pale ambapo mwamba umepimwa. Tope lililobaki chini ya beto, au tabaka laini lililolala mita mbili chini ya msingi, linaweza kukufuta kabisa. Hapo ukuta unateleza pamoja na kipande cha mwamba wake.

Mwamba wa kwetu

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Mtu wa Goma anajua kwamba mvua kubwa ikinyesha, maji hayafanyi mto mjini. Yanazama katika mawe ya Nyiragongo, kwa sababu lava imejaa nyufa na matundu. Lava inamwagika kwa tabaka: juu jiwe gumu, chini yake changarawe nyepesi, pengine jivu au udongo wa zamani, kisha jiwe tena. Msingi wa ukuta unaweza kukaa juu ya jiwe linalolia kama chuma ukiligonga, kumbe mita tatu chini kuna tabaka linalopitisha maji kama kichujio. Popote palipo na mwamba wa namna hiyo, kupiga sindano za simenti na kutoboa matundu ni kazi inayotakiwa kuamuliwa kabla ya upana wa ukuta.

Tena ardhi yetu inatikisika. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, matetemeko yalifuatana siku kadhaa na nyufa zikapita katikati ya mji. Tetemeko linaongeza msukumo wa ubavuni, na linaweza kufungua nyufa ambazo simenti ilikuwa imeziba. Ukuta wenye ziada ndogo hauna pa kulipia deni hilo.

Dalili zinazosomeka

Ukuta wa namna hii mara nyingi unatoa dalili kabla ya kuanguka; Bouzey ilitoa yake miaka 11 mapema. Ndani ya ukuta kuna mabomba membamba yanayoonyesha maji ya chini yamepanda hadi kimo gani. Kama yanapanda wakati ziwa halijapanda, nguvu ya kuinua inaongezeka. Maji yanayotoka kwenye matundu yanapimwa pia, na rangi yake inatazamwa: yakiwa na tope, yanakula kitu huko chini.

Dalili inayodanganya wengi ni matundu kukauka. Mgeni akiingia ndani ya ukuta na kuona pakavu, atasema ukuta ni mzima. Mlinzi mwenye uzoefu ataangalia kwanza kama kuna ukoko mweupe mdomoni mwa matundu. Chokaa ya simenti inayeyuka, inabebwa na maji na kuganda pale, hadi tundu linaziba. Maji hayajakoma kupita chini. Yamekosa tu pa kutokea. Yakikosa pa kutokea, yanainua. Dawa yake ni kuyatoboa tena matundu yale, kazi ya mashine moja na wiki chache.

Katika mfano wetu, tofauti kati ya matundu yaliyo wazi na yaliyoziba ni tani 90 kwa kila mita ya ukuta. Anayeishi chini ya bwawa hahitaji kuijua hesabu yote. Anaweza kuuliza matundu yalisafishwa lini, na nani alisoma vipimo vya maji ya chini mwezi uliopita.